Miraba sita na dadu moja

Mwambie mtu yeyote aliyepita shule ya msingi akuchoree boksi la mchemraba lililofunguliwa na kulazwa mezani, naye atakuchorea msalaba: miraba minne katika mstari mmoja, na miwili imetokeza huku na huku kama mikono. Jibu ni sahihi. Ila msalaba ni mmoja tu kati ya michoro 11 inayoweza kukunjwa ikawa mchemraba uliofungika pande zote, na hiyo mingine 10 wengi hawajawahi kuiona.

Kwanza tuelewane tunachohesabu. Tunachukua miraba 6 iliyo sawa, tunaiunganisha ukingo kwa ukingo, kisha tunauliza kama karatasi hiyo ikikunjwa kwenye viungo vyake itafunga mchemraba bila kuacha tundu na bila uso mmoja kufunikwa mara mbili. Kuna maumbo 35 tofauti ya miraba 6 iliyounganishwa hivyo, endapo umbo lililozungushwa au kupinduliwa chali tunalihesabu kuwa lile lile. Kati ya hayo 35, maumbo 11 yanafunga na 24 hayafungi. Umbo linalofunga huitwa wavu wa mchemraba.

Ugumu wa swali hili haumo katika hesabu. Umo kichwani mwa anayejaribu kukunja karatasi kwa kuiwazia. Kunjo la kwanza linakwenda vizuri, la pili pia. Kufika la tatu, sakafu imeshakuwa ukuta, ukuta umekuwa kifuniko, na mtu anaanza kubahatisha. Ndiyo maana swali hili linapendwa sana katika mitihani ya kupima uwezo wa kufikiri, na ndiyo maana watu wenye akili timamu hulikosa. Kukunja kwa kuwaza ni njia mbaya, na ipo iliyo bora zaidi. Inahitaji dadu, hata ile ya ludo.

Iko hivi. Chora umbo lako kwenye karatasi, kila mraba ukiwa na ukubwa wa uso wa dadu. Weka dadu juu ya mraba wowote, kisha andika kwenye mraba huo namba ya uso uliolalia karatasi. Sasa ipindue dadu iingie kwenye mraba jirani, bila kuinyanyua, ukiiangusha juu ya ukingo unaotenganisha miraba hiyo miwili. Andika namba ya uso ulio chini sasa. Endelea hivyo hadi umepita miraba yote. Ukipata namba zote sita, 1 hadi 6, kila moja mara moja, umbo linafunga. Namba yoyote ikijirudia, halifungi.

Inafanya kazi kwa sababu moja iliyo nyepesi. Fikiria karatasi imepakwa gundi. Dadu inapopinduka kutoka mraba hadi mraba, kila mraba unang'ang'ania uso uliougusa, na dadu inajivisha karatasi yenyewe. Kuipindua dadu juu ya karatasi na kuikunja karatasi kuizunguka dadu ni kitendo kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. Tofauti ni kwamba dadu unaiona kwa macho, na namba zake hazisahau zilikopita.

Tujaribu kwa maumbo mawili yanayofanana sana. La kwanza lina safu mbili za miraba mitatu, ya chini ikianzia pale ya juu inapoishia. Weka dadu kwenye mraba wa kwanza wa safu ya juu, 1 ikiwa chini na 6 juu. Uso wa 3 uelekee kulia na wa 4 kushoto. Wa 2 uwe upande wa mbali na wa 5 ukutazame wewe. (Dadu nyingine zimepangwa kinyume, 3 na 4 zikiwa zimebadilishana nafasi. Haidhuru, namba utakazoandika zitabadilika lakini jibu litabaki lile lile.)

Pindua kulia: 3 inakwenda chini. Pindua kulia tena: 6, iliyokuwa juu mwanzoni, sasa iko chini. Hapo safu ya juu imekwisha. Ipindue dadu kuja kwako, kwenye safu ya chini. Uso wa 5 ulikuwa ukikutazama muda wote huo bila kuhama, kwa hiyo ndio unaolala. Pindua kulia, unapata 4. Kulia tena, unapata 2.

```
1 3 6
    5 4 2
```

Namba sita, hakuna iliyorudiwa. Umbo hili linafunga, ingawa kwa macho halifanani hata kidogo na boksi, na watu wengi ukiwaonyesha watakataa kabisa mpaka walikunje wenyewe.

Sasa toa mraba mmoja mwisho wa safu ya juu uuhamishie safu ya chini, ili juu ibaki miwili na chini iwe minne. Anza vile vile, 1 ikiwa chini. Pindua kulia: 3. Ipindue kuja kwako: 5. Kulia: 6. Kulia: 2. Kulia kwa mara ya mwisho: 1.

```
1 3
  5 6 2 1
```

Namba 1 imerudi, na 4 haikuonekana popote. Ukilikunja umbo hili utapata boksi lenye uso mmoja uliopandana mara mbili, mraba wa kwanza ukifunikwa na wa mwisho, na upande unaotazamana na 3 ukiwa wazi. Dadu haikukwambia tu kwamba umbo limeshindwa. Imekuonyesha na mahali liliposhindwa: namba iliyorudiwa ni pale panapopandana, namba iliyokosekana ndiyo tundu. Fundi anayesanifu maboksi akipata jibu kama hilo anajua mara moja mraba upi wa kuhamisha.

Umbo likiwa na matawi, kama msalaba ulivyo, dadu haiwezi kupita miraba yote kwa safari moja. Hapo unairudisha kwa njia ile ile iliyokuja nayo, ukiipindua kinyume hatua kwa hatua, hadi kwenye njia panda, halafu unaingia tawi jingine. Kosa kubwa la wanaoanza liko hapa. Wanainyanyua dadu na kuiweka kwenye njia panda kwa kukisia, uso wa chini ukiwa sahihi lakini wa pembeni umegeuka, na kuanzia hapo kila namba ni ya uongo.

Ukishaichezea dadu kwa muda utaanza kuona mambo yanayokuwezesha kuiacha mfukoni. La kwanza linahusu mstari mnyoofu. Dadu ikipinduliwa kulia mfululizo inatoa 1, 3, 6, 4, halafu 1 tena. Miraba mitano katika mstari mmoja basi haiwezekani, maana wa tano utaulalia wa kwanza. Maumbo manne kati ya 35 yana mstari wa miraba mitano au zaidi, na yote yanaanguka hapo bila mjadala. Mstari huo huo unafundisha jambo jingine lenye faida kubwa zaidi: 1 na 6, 3 na 4, ni nyuso zinazotazamana kwenye dadu. Maana yake, katika mstari mnyoofu, ukiruka mraba mmoja unafika kwenye uso wa upande wa pili wa boksi.

Jambo la pili linahusu kinachobandikwa kando ya mstari. Dadu inapopinduka kulia, kulia, kulia, uso wa 2 unabaki upande wa mbali na wa 5 unabaki upande wako. Zinazunguka papo hapo lakini hazihami. Kwa hiyo mraba wowote utakaobandikwa upande wa juu wa mstari, uwe mwanzoni, katikati au mwishoni, utakuwa 2. Na wowote wa upande wa chini utakuwa 5. Miraba miwili upande mmoja wa mstari mmoja ni uso mmoja uliorudiwa, na umbo limekufa. Mmoja juu na mwingine chini ni sakafu na kifuniko, na hapo kuna matumaini.

La tatu ni dirisha: miraba minne iliyokusanyika mbili kwa mbili. Maumbo manane kati ya 35 yana dirisha la namna hiyo ndani yake, na hakuna hata moja linalofunga. Ukilizunguka dirisha kwa dadu unapata 1, 3, 5, na mraba wa nne unakupa 1 tena. Sababu yake unaiona ukitazama pembe ya dadu. Pembeni pale zinakutana nyuso tatu tu, kila moja ikichangia nyuzi 90, jumla 270. Miraba minne inayokutana mahali pamoja inajaza nyuzi 360 kamili, na karatasi iliyojaa hivyo haina nafasi ya kuinuka. Italala bapa tu, labda uikate.

Sasa rudia lile umbo la safu ya miwili na safu ya minne. Halina miraba mitano katika mstari. Halina dirisha. Mstari wake wa minne una mraba mmoja tu uliobandikwa juu, wala hakuna mstari mwingine wenye miwili upande mmoja. Limepita vipimo vyote vitatu na bado halifungi. Hapa ndipo wanaokariri dalili huumbuka. Dalili zinakataa maumbo mengi, lakini hazina mamlaka ya kulipitisha hata moja.

Kinachopitisha ni kuwapata wenza. Kila uso wa mchemraba una mwenzake mmoja tu anayetazamana naye, kwa hiyo miraba sita lazima igawanyike katika jozi tatu. Mwenza unampata kwa njia mbili tulizokwisha kuziona: kuruka mraba mmoja kwenye mstari mnyoofu, au kuvuka mstari kutoka kilichobandikwa upande huu hadi kilichobandikwa upande ule. Katika umbo la tatu kwa tatu, 1 na 6 ni wenza kwa kuruka. 5 na 2 vile vile. Na 3 na 4 wanasimama kushoto na kulia kwa mstari mfupi wa wima unaoundwa na 6 na 5. Jozi tatu safi. Katika umbo la mbili kwa nne, mraba wenye 6 una mwenza mmoja kwa kuruka, ambaye ni mraba wa mwisho, na mwenza wa pili kwa kuvuka mstari wa wima wa 3 na 5, ambaye ni mraba wa kwanza. Uso mmoja hauwezi kutazamana na nyuso mbili. Hao wawili ni kitu kimoja kilichohesabiwa mara mbili.

Kwa zana hizo tunaweza kuhakikisha kwamba nyavu ni 11 kweli, bila kukunja hata karatasi moja. Tuzipange kwa urefu wa mstari mrefu zaidi ulio ndani ya umbo.

Mstari mrefu ukiwa na miraba minne, hiyo ni kuta zote nne za boksi. Zimebaki sakafu na kifuniko. Hizo mbili zinatazamana, kwa hiyo haziwezi kushikana zenyewe kwa zenyewe. Kila moja lazima ishikwe na ukuta fulani, moja juu ya mstari na nyingine chini. Kifuniko kikishikwa na ukuta wa kwanza, sakafu inaweza kushikwa na wa kwanza, wa pili, wa tatu au wa nne: nyavu nne. Kifuniko kikishikwa na ukuta wa pili, sakafu ikiwa kwenye wa pili tunapata msalaba wetu, na ikiwa kwenye wa tatu tunapata wavu mwingine. Mpangilio wowote mwingine ni mmoja wa hizi ukiwa umegeuzwa. Jumla sita. Zaidi ya nusu ya nyavu zote ziko hapa, na mtu anayejua kanuni ya mmoja juu na mmoja chini ameshashika hizo sita kwa sentensi moja.

Mstari mrefu ukiwa na miraba mitatu mambo yanachangamka kidogo. Kuta tatu ziko kwenye mstari na ya nne haiwezi kujiunga, la sivyo mstari ungekuwa wa minne. Lazima ishikwe na kifuniko au sakafu. Kiweke kifuniko juu ya mraba wa mwisho wa mstari, na ukuta wa nne uubandike ubavuni mwa kifuniko hicho, ukitokeza nje. Sakafu sasa inaweza kukaa chini ya mraba wowote kati ya mitatu: nyavu tatu. Au sakafu iuache mstari kabisa, ikamfuate ukuta wa nne na kuungana naye. Hapo tunapata lile umbo la tatu kwa tatu. Jumla nne. Ukijaribu njia nyingine, kwa mfano kuning'iniza kifuniko katikati ya mstari, ama utaangukia kwenye umbo lenye mstari wa minne, ama utagundua, ukiizungusha karatasi robo duara, kwamba ni mmoja wa hao wanne umevaa nguo nyingine.

```
1 3         1 3         1 3
  5 6 2       5 6 2       5 6 2
  4             4             4
```

Mstari mrefu ukiwa na miraba miwili tu, hakuna uchaguzi. Huwezi kwenda mbele hatua mbili, kwa hiyo baada ya kila hatua lazima ukate kona. Ukikata kona mara mbili mfululizo upande ule ule umetengeneza dirisha. Imebaki ngazi, kulia, chini, kulia, chini, kulia, na dadu inatoa 1, 3, 5, 6, 4, 2.

```
1 3
  5 6
    4 2
```

Sita, nne na moja: 11. Kuna angalizo moja kwa wanaochapisha maboksi. Karatasi yenye rangi upande mmoja haiwezi kupinduliwa chali, maana rangi itaingia ndani. Kwa mtu huyo, umbo na taswira yake kwenye kioo ni vitu viwili. Nyavu mbili tu kati ya 11 zinabaki vile vile kwenye kioo, nazo ni msalaba na ile yenye sakafu na kifuniko kwenye ncha moja ya mstari. Tisa zilizobaki zinakuwa jozi, na hesabu yake inapanda hadi 20.

Mtu mwenye shaka anaweza kuuliza kama hakuna wavu uliotuponyoka. Kuna njia ya kukagua inayoanzia mwisho mwingine kabisa, kwenye mchemraba wenyewe na mkasi. Mchemraba una kingo 12 na vipeo 8. Ili ulale bapa, mkasi lazima ufike kila kipeo, kwa sababu zile nyuzi 270 haziwezi kulala chini bila kupasuliwa mahali. Lakini mikato isifanye duara, maana duara likikamilika kipande kitadondoka. Kuunganisha vipeo 8 bila kufunga duara kunahitaji mikato 7, si zaidi wala pungufu. Kingo 5 zinabaki nzima, nazo ndizo viungo vitano vya miraba sita.

Njia za kuchagua mikato hiyo saba ni 384. Sasa tuhesabu kutoka upande wa nyavu. Chukua wavu usio na ulinganifu wowote. Mraba wake wa kwanza unaweza kuubandika kwenye uso wowote kati ya sita wa mchemraba, ukauzungusha kwa namna nne, na karatasi ikatazama nje au ndani: 6 mara 4 mara 2, yaani namna 48 za kuuvisha mchemraba. Wavu wenye ulinganifu, unaorudi vile vile ukiuzungusha nusu duara au ukiutazama kwenye kioo, unatoa nusu ya hizo, 24, kwa kuwa kila namna imejirudia. Kati ya nyavu zetu, 6 zina ulinganifu: nne za kundi la mstari wa minne, lile umbo la tatu kwa tatu, na ngazi. Tano hazina. Tano mara 48 ni 240, sita mara 24 ni 144, na jumla ni 384 barabara. Kungekuwa na wavu wa kumi na mbili mafichoni, hesabu hii ingezidi. Binafsi naupenda uthibitisho huu kuliko ule wa kupanga kwa mistari, kwa sababu unamkamata hata mtu aliyehesabu kwa uzembe.

Mchemraba lakini ni mtiifu kupita kiasi. Kwa njia yoyote kati ya hizo 384, miraba inalala bapa bila kupandana. Si kila gimba lina adabu hiyo. Ipo piramidi ya pembetatu iliyo nyembamba ambayo, ikikatwa kwenye kingo zisizofaa, vipande vyake vinapandana vikilazwa chini. Ukikata kingo nyingine inalala vizuri. Mchoraji wa Kijerumani Albrecht Dürer, katika kitabu chake cha upimaji kilichotoka Nuremberg mwaka 1525, alichora magimba mengi yakiwa yametandazwa namna hii, na kila alilolichora lilitandazika bila kupandana. Je, kila gimba lisilo na mbonyeo lina angalau njia moja ya kukatwa kwenye kingo zake likalala salama? Mwaka 1975 mwanahisabati Mwingereza Geoffrey Shephard aliliweka swali hilo rasmi. Hakuna aliyethibitisha kwamba jibu ni ndiyo, wala hakuna aliyeleta gimba moja la kulikanusha.

Anayetaka kutengeneza boksi la kweli ana swali la mwisho, masikio ya gundi yawekwe wapi. Miraba 6 ina kingo 24 kwa jumla. Viungo vitano vinameza kingo 10, kwa hiyo mzunguko wa wavu wowote ule una kingo 14. Kila ukingo utakutana na mwenzake wakati wa kufunga, na hiyo ni mishono 7, ile ile mikato saba ya mkasi. Kila mshono unahitaji sikio moja, upande mmoja tu. Ukiweka masikio kwa kukisia, lazima mshono mmoja utapata masikio mawili na mwingine utakosa, na utaligundua hilo gundi ikiwa imeshakauka.

Dawa yake ni kuzunguka ukingoni mwa wavu ukiweka sikio kwenye ukingo mmoja, ukiruka unaofuata, ukiweka, ukiruka, hadi urudi ulikoanza. Masikio saba, na kila mshono utapata lake. Haijalishi ni wavu upi kati ya 11. Sababu ni kwamba kuzunguka nje ya wavu ni sawa na kutembea kando ya ile njia ya mikato kwenye mchemraba, ambayo ina matawi lakini haina duara. Kila mkato unapita kando yake mara mbili, mara moja ukienda na mara moja ukirudi. Kati ya kwenda na kurudi umezunguka tawi zima, na kila mkato wa tawi hilo umeupita mara mbili, kwa hiyo umepita idadi shufwa ya kingo. Ukingo ulioupita ukienda ukiwa na sikio, wenzake uliopo baada ya idadi shufwa utakuwa ni ule ulioruka, daima.